Majivu ya makaa ya mawe na slagi katika zege na barabara: mwongozo kwa msimamizi wa ujenzi

Mwenye lori anapofika saiti na kusema kwamba ana majivu ya kiwandani ya bure, au rundo la mavi ya chuma ambalo mwenye kiwanda anataka liondolewe kabla ya mvua, swali la kwanza si gharama ya usafiri. Swali la kwanza ni hili: vitu hivi viliunguzwa katika moto wa namna gani, na vilipoa kwa kasi gani? Majivu mawili yenye rangi moja yanaweza kutofautiana kabisa, moja likaimarisha zege na jingine likalidhoofisha, na slagi mbili zilizotoka katika viwanda jirani zinaweza kuhitilafiana hivyo hivyo.

Katika mwongozo huu, majivu mepesi ni yale ya unga yanayonaswa kutoka katika moshi wa tanuru la makaa ya mawe kabla moshi huo haujafika kwenye dohani. Slagi ni ule uchafu wa mawe ulioyeyuka na kuelea juu ya madini katika tanuru, ambao kamusi zetu huuita mavi ya chuma. Nitatumia neno slagi kwa sababu ndilo linalotumika katika karatasi za vipimo.

Hatua ya kwanza: uliza habari za tanuru kabla ya kuuliza bei

Katika kituo kikubwa cha umeme, makaa ya mawe husagwa yakawa unga laini na kupulizwa ndani ya tanuru pamoja na hewa. Joto la ndimi za moto huko hupita nyuzi 1,400 za Selsiasi, kwa hiyo udongo uliomo ndani ya makaa huyeyuka, hujikunja kuwa vitone, kisha hupoa ghafla ukiwa bado hewani. Kitone kinachopoa ghafla hakipati muda wa kujipanga kuwa fuwele. Hubaki kuwa kioo. Kioo hicho, chenye silika na alumina, ndicho kinachofanya kazi ndani ya zege. Saruji inapoganda huzalisha chokaa ambayo haina nguvu yoyote ya kujivunia. Kioo cha majivu huila chokaa hiyo polepole na kuigeuza kuwa gundi ileile inayotokana na saruji. Umbo la duara nalo lina faida yake, kwani chembe huviringika zenyewe kwa zenyewe na zege hulainika bila kuongezewa maji.

Majivu ya namna hii ndiyo yanayopatikana katika vituo vya India na Afrika Kusini, kwa mfano kituo cha Lethabo katika jimbo la Free State, ambacho majivu yake yamekuwa yakiuzwa kwa watengenezaji wa saruji na zege. India ilitoa amri ya kwanza ya serikali kuhusu matumizi ya majivu haya mwaka 1999, na amri ya Desemba 2021 ikavitaka vituo vya umeme wa makaa vihakikishe kwamba majivu yao yote yanatumika.

Hali ya Afrika Mashariki ni tofauti, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Makaa mengi yanayochomwa katika boila za viwanda vyetu huwa vipande vilivyolala juu ya chanja za chuma. Moto huo hauyeyushi udongo wa makaa hadi ukawa vitone, na majivu yake huwa makorokoro mazito yaliyochanganyika na makaa ambayo hayakuungua. Boila za aina nyingine huchoma makaa juu ya mchanga unaochemshwa kwa hewa, katika joto la nyuzi 850 hivi. Majivu yake ni laini na yanapendeza kwa macho, lakini hayana kioo cha kutosha, na ikiwa chokaa ilitiwa ndani ya tanuru ili kunasa salfa, yatakuwa na salfati na chokaa huru kwa wingi. Majivu ya makundi haya mawili yanaweza kufaa kwa kujazia au kwa matofali baada ya vipimo, lakini hayafai kuchukua nafasi ya saruji katika zege lenye nondo.

Kuna pia majivu yaliyosukumwa kwa maji hadi kwenye bwawa la taka na kukaa huko miaka. Hata kama yalitoka katika kituo kizuri, yamechanganyika na majivu mazito ya chini ya tanuru, na mengine yamekwisha kushikamana. Hayo yapeleke kwenye tuta la barabara, si kwenye mashine ya kuchanganyia zege.

Kwa slagi, uliza mambo mawili: tanuru lilikuwa la kazi gani, na slagi ilipozwa vipi. Tanuru kubwa la kuyeyusha mawe ya chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, hutoa slagi yenye uwiano mzuri wa chokaa, silika na alumina. Ikimwagiwa maji mengi ikiwa ingali imeyeyuka, hugeuka mchanga wa kioo ambao ukisagwa huganda karibu kama saruji. Ikiachwa ipoe yenyewe katika shimo, hugeuka jiwe, nalo ni kokoto nzuri tu. Hata ukilisaga halitakuwa saruji. Tanuru la kugeuza chuma ghafi kuwa chuma cha pua, yaani feleji ya kawaida, hutoa slagi ya tatu, nzito na ngumu, yenye hatari ambayo nitaieleza kwenye sehemu ya barabara.

Viwanda vingi vya nondo katika ukanda wetu havina tanuru lolote kati ya hayo. Huyeyusha vyuma chakavu katika matanuru ya umeme yaliyozungushiwa ukuta wa silika, na slagi yake ina silika na oksidi za chuma kwa wingi, na chokaa kidogo. Haigandi ikisagwa. Ivunjwe, vipande vya chuma vitolewe kwa sumaku, kisha ipimwe kama kifusi cha kawaida. Na lile rundo jeusi maarufu la Lubumbashi lisimchanganye mtu: hiyo ni slagi ya shaba, ambayo ilibeba kobalti kiasi kwamba kiwanda kilijengwa kando yake ili kuichenjua upya. Haihusiki na mwongozo huu.

Hatua ya pili: soma mfuko wa saruji

Kabla ya kuongeza chochote, soma maandishi yaliyo kwenye mfuko. Saruji ya kiwango cha Ulaya EN 197-1, ambacho nchi zetu zimekitumia kutunga viwango vyake, huandikwa kwa namba na herufi. `CEM I` ni saruji tupu, yenye klinka, yaani yale mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, isiyopungua asilimia 95. `CEM II`, `CEM III` na `CEM IV` zimekwisha kuchanganywa kiwandani, na herufi inayofuata hukuambia kilichomo: `S` ni slagi ya tanuru la mawe ya chuma, `V` ni majivu mepesi yenye silika, `W` ni majivu yenye chokaa nyingi, `P` ni pozolana ya asili kama ile ya majivu ya volkano, na `L` ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. `CEM II/B-V`, kwa mfano, ina majivu kati ya asilimia 21 na 35.

Jambo hili lina uzito kwa sababu sehemu kubwa ya mifuko inayouzwa madukani Kenya na Tanzania ni ya `CEM II` na `CEM IV`. Anayeongeza theluthi ya majivu juu ya `CEM IV` anaweka majivu juu ya pozolana, na klinka inayobaki haitazalisha chokaa ya kutosha kuvilisha vyote viwili. Zege la namna hiyo huonekana zuri siku ya kumwaga na huwa laini kama uji, lakini siku ya saba bado unaweza kulikwaruza kwa msumari. Hesabu zote zinazofuata ni za `CEM I` ya daraja la nguvu la 42.5. Ikiwa huwezi kuipata, nunua saruji iliyokwisha kuchanganywa kiwandani na uachane na mpango wa kuchanganya mwenyewe.

Hatua ya tatu: pima majivu

Vipimo ni vingi, lakini vitatu ndivyo vinavyoamua.

Cha kwanza ni upotevu wa uzito majivu yanapochomwa tena katika tanuru la maabara. Kinachopotea ni hasa kaboni ambayo haikuungua, na kiwango cha Ulaya EN 450-1 kina madaraja matatu ambayo la juu kabisa halivuki asilimia 5. Kaboni si uchafu uliolala tu. Ina vitundu kama sponji, hunywa maji na hunywa pia ile kemikali ya kulainisha zege, kiasi kwamba mchanganyiko uliokubalika juzi unakauka ghafla leo bila sababu ya kuonekana. Ukiona majivu ya lori la leo ni meusi kuliko ya jana, simamisha kazi ya kuyapakua mpaka maabara ijibu. Rangi si kipimo, lakini badiliko la rangi ni kengele.

Cha pili ni ulaini. Gramu moja ya majivu huoshwa kwa maji ya shinikizo kwa dakika moja juu ya chekeche yenye matundu ya mikromita 45, kisha kinachobaki hukaushwa na kupimwa. Kwa daraja la kawaida la EN 450-1, kinachobaki kisizidi asilimia 40. Kwa daraja la majivu laini kisizidi 12. Kipimo hiki ni cha bei nafuu, na ningependa kila saiti inayotumia majivu iwe nacho, kwa kuwa kituo cha umeme kikibadilisha makaa au kinu chake cha kusagia kikichakaa, chekeche hiyo ndiyo itakayojua kwanza.

Cha tatu ni nguvu. Hutengenezwa vipande vya mota vyenye majivu asilimia 25 na saruji asilimia 75, hulinganishwa na vya saruji tupu, na matokeo yasipungue asilimia 75 ya nguvu ya saruji tupu katika siku 28, na asilimia 85 katika siku 90. Angalia jinsi kiwango chenyewe kinavyokubali kwamba majivu yanachelewa.

Kuna dalili moja ya pua. Vituo vinavyosafisha moshi kwa amonia huacha kiasi chake kwenye majivu, na majivu yakikutana na saruji yenye maji, harufu kali ya mkojo wa kale hupanda. Zege haliharibiki, lakini ndani ya chumba cha chini kisicho na upepo mafundi hawataweza kufanya kazi. Koroga kikombe kimoja cha majivu na saruji mapema, unuse, halafu uamue.

Hatua ya nne: panga mchanganyiko

Tuchukue zege la sakafu ya gati kwenye mwambao, ambalo mpango wake wa awali kwa mita moja ya ujazo ni kilo 360 za `CEM I` na lita 162 za maji. Uwiano wa maji kwa saruji ni 162 kugawanya kwa 360, yaani 0.45. Mhandisi anataka uwiano huo ubaki, kwa kuwa ndio unaozuia chumvi ya bahari isifike kwenye nondo.

Kosa la kawaida ni kutoa kilo 90 za saruji na kuweka kilo 90 za majivu, kana kwamba vitu hivi viwili ni sawa. Kiwango cha zege EN 206 kinakubali kilo moja ya majivu ihesabiwe kama kilo 0.4 ya saruji, na kwamba majivu yanayohesabiwa yasizidi 0.33 ya uzito wa saruji tupu. Kwa hiyo uwiano mpya huandikwa hivi:

```
maji / (saruji + 0.4 x majivu) = 0.45
```

Tuseme mchanganyiko wa majaribio umeonyesha kwamba kwa majivu haya zege linafikia ulaini uleule kwa lita 154 badala ya 162. Basi mabano yanatakiwa kuwa 154 kugawanya kwa 0.45, yaani kilo 342. Tukichagua majivu yawe 0.30 ya saruji, tunagawanya 342 kwa 1.12, yaani 1 + 0.4 x 0.30, tunapata saruji kilo 306 kwa kukadiria, na majivu kilo 92. Tumeokoa kilo 54 za saruji katika kila mita ya ujazo, zaidi kidogo ya mfuko mmoja. Atakayekuahidi kuokoa mifuko miwili kwa majivu haya haya ama hajafanya hesabu, ama amekubali zege dhaifu.

Ikiwa majivu yako hayapunguzi maji hata kidogo, rudia hesabu kwa lita 162: saruji itakuwa kilo 321 na majivu 96, na faida imeshuka hadi kilo 39. Hapo bei ya kusafirisha majivu inaweza kula faida yote.

Bado mchanga haujarekebishwa. Majivu ni mepesi: uzito wake mahsusi ni kama 2.3, wakati wa saruji ni 3.1. Kilo 360 za saruji na lita 162 za maji zilichukua nafasi ya lita 278; sasa saruji, majivu na maji vinachukua karibu lita 293. Lita 15 zimezidi, kwa hiyo punguza mchanga kwa kilo 38 au 39 ili mita ya ujazo ibaki mita ya ujazo. Asiyefanya hivyo atapata zege lenye unga mwingi linalonata kwenye sepetu, na atashangaa kuona kila mzunguko wa mashine unatoa zege zaidi ya lililoagizwa huku saruji ikiwa imepungua ndani yake.

Hatua ya tano: kumwaga na kulitunza zege

Zege la majivu huvuja maji kidogo juu yake. Fundi aliyezoea kusubiri yale maji ya juu ndipo apige mwiko atasubiri bila kuyaona, na upepo wa bahari utakuwa umeshaukausha uso na kuupasua nyufa nyembamba. Funika kwa nailoni au nyunyiza ukungu wa maji mara tu baada ya kusawazisha.

Umwagiliaji ndio unaoamua kama majivu yatafanya kazi au yatabaki kuwa vumbi lililozikwa. Kioo chake kinahitaji maji kwa wiki kadhaa ili kiendelee kuila chokaa. Uso ukikauka siku ya nne, kazi husimama hapo, na ni uso huo huo unaopaswa kuizuia chumvi. Mimi hudai siku 14 za magunia yaliyolowa, wala sikubali hoja kwamba zege limeshakuwa gumu.

Fomu za pembeni zinaweza kutolewa karibu kama kawaida, lakini nguzo zinazobeba sakafu zisiondolewe kwa kuhesabu siku za kalenda ya saruji tupu. Tengeneza michemraba ya ziada, iweke kandokando ya sakafu katika joto na upepo uleule badala ya tangi la maabara, na uivunje siku unayotaka kutoa nguzo. Kwa kukubali kazi, kubaliana na mhandisi tangu mwanzo kwamba nguvu itasomwa siku ya 28 na tena siku ya 56, kwa kuwa kuanza mjadala huo baada ya matokeo kuwa chini ni kuchelewa.

Uchelewaji huo si hasara kila mahali. Katika msingi mnene, joto la saruji likipanda taratibu nyufa hupungua, na katika ardhi yenye maji ya chumvi zege lililokomaa huwa gumu kupenyeka. Nguzo za msingi wa jengo la Burj Khalifa huko Dubai, ambako maji ya ardhini yana chumvi kali, zilimwagwa kwa zege ambalo asilimia 25 ya unga wake ulikuwa majivu mepesi.

Ikiwa ulicho nacho ni slagi iliyosagwa

Slagi ya tanuru la mawe ya chuma iliyopozwa kwa maji na kusagwa ni nyenzo rahisi kuliko majivu. Ina chokaa yake yenyewe, inahitaji tu kuamshwa na saruji, ndiyo maana `CEM III/A` inaruhusiwa kuwa na slagi kati ya asilimia 36 na 65. EN 206 huihesabu kilo yake kama kilo 0.6 ya saruji, na slagi inayohesabiwa isizidi uzito wa saruji. Hatua za kupanga ni zilezile, isipokuwa badiliko la ujazo ni dogo kwa kuwa uzito wake mahsusi uko karibu 2.9.

Jambo moja huwatia watu hofu bure. Ukitoa fomu mapema utaona zege lina rangi ya buluu inayoelekea kijani, wakati mwingine na harufu ya yai lililooza. Ni salfaidi zilizomo ndani ya slagi. Hewa ikiingia rangi hufifia. Nimewahi kuona mkandarasi akiamriwa kubomoa ukuta kwa sababu ya rangi hiyo, na alinusurika kwa kuomba siku chache za kusubiri.

Slagi ya chuma cha pua barabarani

Nilipelekwa kuangalia uwanja wa kuegeshea malori uliotandikwa slagi ya chuma cha pua iliyotoka kiwandani moja kwa moja, ukashindiliwa vizuri na kufunikwa lami. Baada ya misimu miwili ya mvua lami ilikuwa imeinuka vilima vidogo kama vichuguu, na kila kilima kilipasuka juu kama nyota. Tulipochimba tulikuta vipande vilivyopasuka vyenye unga mweupe ndani.

Unga huo ni chokaa iliyozimika. Ili kuondoa fosforasi na salfa, watengenezaji wa chuma cha pua hutia chokaa nyingi kwenye tanuru, na sehemu yake haiyeyuki. Hubaki huru ndani ya jiwe. Maji yakiifikia, huvimba hadi karibu mara mbili ya ujazo wake. Magnesia hufanya vivyo hivyo ila polepole zaidi, pengine baada ya miaka. Chini ya lami, hakuna pa kuvimbia ila juu.

Tiba ni kuivimbisha kabla ya kuitandika. Ivunjwe hadi ukubwa wa matumizi, kwani jiwe kubwa huficha chokaa yake ndani. Itandazwe katika marundo ya chini yasiyozidi mita chache. Ilowanishwe mara kwa mara na kugeuzwa kwa miezi kadhaa. Lakini miezi peke yake si uthibitisho. Peleka sampuli ikafanyiwe kipimo cha mvuke, ambamo slagi iliyoshindiliwa hupitishiwa mvuke wa nyuzi 100 kwa saa 24 ikiwa magnesia haizidi asilimia 5, na kwa saa 168 ikiwa imezidi, huku kuvimba kwake kukipimwa. Kwa kokoto za lami, daraja kali zaidi la Ulaya huruhusu kuvimba kwa asilimia 3.5 ya ujazo. Na hata slagi iliyofaulu usiitumie kujazia chini ya sakafu ya jengo au nyuma ya ukuta wa daraja, ambako kuvimba kidogo tu hakuna pa kwenda.

Ikishatulia, ni kokoto bora kabisa: ngumu, yenye kona kali, inayoshikana vizuri na lami na kuzuia matairi yasiteleze. Huko Hazira, karibu na Surat nchini India, barabara ya njia sita ya takriban kilomita moja ilizinduliwa mwaka 2022 ikiwa imejengwa kwa slagi iliyosindikwa badala ya mawe ya asili, na malori mazito ya eneo la viwanda hupita juu yake. Kumbuka tu uzito. Slagi hii inaweza kuwa nzito kuliko kokoto za kawaida kwa robo nzima, kwa hiyo tani 20 zilezile hujaza nafasi ndogo zaidi. Linganisha bei kwa mita ya ujazo iliyoshindiliwa, si kwa tani, na ukiwa mbali na kiwanda utaona mara nyingi kwamba machimbo ya jirani yanashinda.

Majivu na chokaa katika tabaka la barabara

Majivu mepesi yasiyo na chokaa hayagandi yenyewe, lakini yakichanganywa na kokoto na chokaa kidogo hutengeneza tabaka gumu linaloendelea kuimarika kwa miezi. Mchanganyiko wa kuanzia majaribio ni kokoto asilimia 85, majivu 12 na chokaa 3, kwa uzito mkavu. Kwa kipande cha mita 100, upana wa mita 7 na unene wa sentimita 15, ujazo ni mita 105. Ikiwa uzito mkavu baada ya kushindilia ni tani 2.1 kwa mita ya ujazo, unahitaji tani 220 kwa jumla: kokoto tani 187, majivu tani 26 na nusu, na chokaa tani 6.6, ambazo ni mifuko 265 ya kilo 25.

Chokaa hiyo lazima iwe chokaa iliyochomwa na kuzimwa. Chokaa ya kilimo, ambayo hupatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu, ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu na haitafanya kitu. Weka kijiko kimoja katika asidi hafifu: ikichemka povu kwa nguvu, si hiyo unayoitaka.

Maabara itakupa kiasi cha maji kinacholeta mshindilio mkubwa kuliko wote. Pima maji yaliyomo tayari kwenye kokoto na majivu asubuhi ya kazi, kisha ongeza tofauti peke yake. Changanya mpaka usione michirizi myeupe, tandaza kwa greda na ushindilie siku hiyo hiyo. Ikiwa majivu yako ni yale yenye chokaa nyingi ndani yake, saa mbili ndizo ulizo nazo, kwa kuwa huganda haraka. Usirekebishe mashimo kesho yake kwa kuongeza kigozi chembamba juu, kitabanduka chote. Kwangua, changanya upya, shindilia upya. Kisha funika uso kwa lami ya maji, au ulowanishe kwa siku saba, na uzuie malori kwa muda huo.

Ili kujua kama mchanganyiko unafaa, vipande vya mfano hufungwa visipoteze maji na kuwekwa siku saba katika nyuzi 38, na kiwango cha Marekani ASTM C593 hudai visipungue megapaskali 2.8. Joto hilo ni la makusudi, kwa kuwa mmenyuko huu hutegemea joto sana. Barabara iliyojengwa Tanga Januari itakomaa upesi. Iliyojengwa Njombe Julai itahitaji muda mrefu zaidi kabla ya kufunguliwa, hata kama vipande vya maabara vilifaulu.

Majivu makavu hupeperuka na chokaa huunguza macho, kwa hiyo wafanyakazi wavae barakoa na miwani, na majivu ya barabarani yafike yakiwa yamelowanishwa kidogo, tofauti na yale ya zege ambayo lazima yawe makavu. Majivu yanaweza pia kuachia madini kama arseniki na seleniamu kwenye maji yanayopita ndani yake. Usiyaweke mahali ambapo maji ya ardhini hupanda wakati wa masika, wala karibu na kisima. Mimi sikubali pungufu ya mita moja kati ya tabaka na usawa wa juu kabisa wa maji.

Kwa kila lori linaloingia, chota kilo mbili, zifunge kwenye ndoo yenye mfuniko, uandike namba ya gari, tarehe, jina la kituo na namba ya tanuru, na uzihifadhi mpaka muda wa dhamana ya kazi uishe. Mkandarasi akikuambia miezi kumi baadaye kwamba sehemu moja ya sakafu haijakomaa, utafungua ndoo ya siku hiyo na kuipitisha kwenye chekeche ya mikromita 45.